Shajara ya tawi la Likoni: kuwaambia wateja wanaovuka

Jumatatu, 5 Januari

Friza imeshafika Likoni na stima imeshawekwa, kwa hivyo kazi yangu imeanza. Khalati ndiye mwenye duka la Kibokoni, kisiwani Mombasa, mimi ndiye mwenye simu. Twauza sambusa, katlesi, kebabu na manda, vyote vimegandishwa, mtu akifika kwake ni mafuta tu. Tawi jipya liko karibu na steji ya Likoni, pale wanapopita watu wakishashuka feri na kupanda juu kutafuta matatu. Litafunguliwa Jumamosi ya tarehe 24, na Ramadhani yaja katikati ya mwezi wa Februari, yaani Shaabani yote watu watakuwa wakijaza friza zao. Anayetujua leo inafaa ajue tuko ng'ambo kabla hajaanza kujaza.

Khalati alitaka tuwaambie wote walioko kwenye simu, siku moja, ujumbe mmoja. Nilimuomba tuangalie kwanza hao wote ni nani. Mteja wa Nyali au Bamburi hafaidiki chochote na duka la Likoni. Kwake feri ni adhabu. Tukimtumia atasoma mara hii kwa heshima, na mara ya pili, siku tutakapokuwa na jambo linalomhusu kweli, hatasoma. Ninaowataka ni wale ambao duka hili litawapunguzia kitu: nauli, uzito, au muda. Hao kwetu ni mafungu mawili. Kuna wanaopelekewa ng'ambo kwa bodaboda kutoka Kibokoni, ambao wanalipa hata shilingi 300 kwa sababu pikipiki inalipia feri kwenda na kurudi na dereva anahesabu foleni yake. Na kuna wanaofanya kazi kisiwani, wakalala ng'ambo, ambao hununua jioni na kuvuka na mfuko mkononi.

Fungu la kwanza limo kwenye daftari la oda: jina, namba, na mahali pa kupeleka. Nimeanza kuwapa lebo kwenye WhatsApp Business, lebo moja kwa kila mtaa, si "ng'ambo" moja kwa wote. Likoni, Timbwani, Shelly Beach, Mtongwe, Shika Adabu. Sababu ya kugawa hivyo itaonekana kwenye bei.

Fungu la pili halimo popote. Mtu akija mwenyewe kaunta, akalipa, akaondoka, daftari halimjui. Kuna aliyeshauri tuchukue namba kwenye taarifa za till. Nimekataa kwa sababu mbili. Taarifa zenyewe siku hizi zaficha tarakimu za katikati za namba ya mteja. Na hata zingekuwa wazi, mtu alilipia sambusa, hakutupa namba yake tumtumie matangazo.

Alhamisi, 8 Januari

Jambo la ruhusa limetuchukua asubuhi nzima, na bora tulilimaliza mapema. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 37, hairuhusu kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, au sheria nyingine iwe imeruhusu na yeye alijulishwa hivyo wakati taarifa zikichukuliwa. Kanuni za 2021 zikaongeza kwamba anayetumiwa matangazo lazima awe na njia nyepesi ya kujitoa. Namba zilizo kwenye daftari letu zilichukuliwa ili bodaboda apate kupiga akifika mlangoni. Tangazo la tawi ni kazi nyingine.

Khalati aliona nazidisha. "Hawa ni wateja wangu, wengine nimewaona wakizaliwa." Ni kweli, na ndiyo maana kuwauliza ni rahisi. Tumekubaliana hivi: kila oda inayothibitishwa wiki hii, mwisho wa maneno tunaongeza swali moja, "Twafungua karibu na kwenu mwezi huu. Tukuandikie siku ikifika?" Akisema ndio, naandika NDIO na tarehe kwenye safu mpya ya daftari. Asiyejibu hawekwi. Hakuna aliyeudhika mpaka sasa, na zaidi ni kwamba wengi wameuliza hapo hapo, "karibu wapi?" Swali la ruhusa limeanza kutufanyia kazi ya tangazo.

Kwa wanaokuja kaunta, msichana wetu wa kaunta ndiye aliyenipa njia. Nilikuwa nataka amuulize kila mtu anakaa wapi. Akasema hakuna haja, anayevuka anajulikana: anaomba afungiwe gazeti mara mbili. Wa Majengo au Makadara anachukua pakiti kama ilivyo, dakika kumi yuko kwake. Anayevuka anajua kuna foleni, kuna kusimama kwenye feri na jua la jioni, halafu matatu. Anataka gazeti, na pakiti ya manda aiweke katikati ya za sambusa ili ikae baridi. Kwa hivyo sasa, mtu akitaja gazeti, anaulizwa "Wavuka?", akisema ndio anaambiwa habari ya Likoni na kuombwa namba kama apenda kuandikiwa. Karatasi ya kaunta ina safu tatu tu: jina, namba, mtaa.

Jumamosi, 10 Januari

Leo ilikuwa siku ya mipaka. Huwezi kumwambia mteja "tunafika ng'ambo". Ng'ambo inaanza maji yanapoisha na hujui inakomea wapi. Ukiendelea na barabara kuu ya Lunga Lunga unaingia kaunti ya Kwale bila kugeuza kona. Lazima tuseme majina ya mitaa, na jina tukishalitaja tuliheshimu.

Nilidhani kikomo kitawekwa na umbali. Kimewekwa na sanduku la baridi. Friza yetu tunaiweka nyuzi 18 chini ya sifuri. Sanduku la bodaboda halina mtambo, lina chupa za maji zilizogandishwa pembeni na juu. Tulilijaza pakiti na kulizungusha Likoni mpaka Mtongwe, kurudi na kushuka Shika Adabu, tukilifungua kila kituo kama vile twatoa oda. Barabara yenyewe haikuwa na tatizo. Tatizo ni kule kufungua. Kila kifuniko kikiinuliwa, hewa ya moto yaingia, na pakiti ya juu ndiyo inayoumia.

Dalili ya kwanza iko kwenye ncha za sambusa. Sambusa iliyoganda sawasawa ukizigonga mbili zinalia kama kokoto. Ikianza kulegea, katikati bado ni jiwe lakini ile ncha nyembamba, ambapo ni manda tupu bila nyama, inapinda kidole kikibonyeza. Hapo bado ni salama kupikwa siku hiyo hiyo, ila mteja akiirudisha kwenye friza zitashikana, na akizitoa Ramadhani kuzitenganisha, manda inachanika na nyama inamwagika kwenye mafuta. Atalaumu sambusa, hatalaumu safari. Manda tupu ni mbaya zaidi: zikilegea kisha zikaganda tena zinakuwa ubao mmoja.

Mpaka tulipofika kituo cha sita ncha za pakiti ya juu zilikuwa zimepinda. Basi mzunguko mmoja ni vituo vitano, kisha sanduku lirudi tawini libadilishwe chupa. Ukipiga hesabu ya mizunguko inayowezekana kati ya alasiri na magharibi, Ng'ombeni haiingii kwa sasa. Khalati alitaka tuiweke hivyo hivyo, "tutajipanga". Nimeiondoa. Mtu wa Ng'ombeni ambaye hakualikwa atauliza lini. Aliyealikwa akaletewa manda zilizoshikana hataagiza tena.

Bei: Likoni, Timbwani na Shelly Beach shilingi 100. Mtongwe na Shika Adabu 150. Bei ya vyakula haibadiliki. Hilo la mwisho lilibishaniwa, maana mzigo wa kuvusha una gharama, lakini anayetujua Kibokoni anajua bei zetu kwa kichwa, na akikuta dazeni imepanda shilingi 20 ng'ambo ataendelea kubeba mfuko wake kwenye feri ili tu asionewe.

Jumanne, 13 Januari

Kabla ya kuandika tangazo nimewapigia simu wateja wachache wanaovuka, wale wazoefu, niwasikie wanauliza nini. Bora nilifanya hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshajenga mwaliko mzima juu ya kupelekewa.

Mmoja ni mwalimu anayefundisha kisiwani na kukaa Mtongwe. Alhamisi hupita Kibokoni, huchukua dazeni mbili za nyama na moja ya mboga. Nilimwambia tutampelekea kwa 150. Swali lake la kwanza: "Mwafika mpaka kwangu ama mwaniita stejini?" Nikamwambia mpaka mlangoni. Kimya kidogo, kisha akasema kwake Alhamisi mchana hakuna mtu, watoto wako shule, na yeye hajui atafika saa ngapi, feri ikikwama moja ndiyo basi. Bodaboda akija hakuna wa kupokea. Akija usiku, yeye ameshalala njaa.

Halafu akasema lile ambalo sikuwa nimelifikiria. "Mbona nisiiagize mchana nikiwa shule, nikaichukua hapo juu nikishuka feri?" Yaani asibebe kitu kwenye feri kabisa. Mfuko wake wa vitabu na mwavuli, basi. Anapanda kutoka feri, duka liko njiani kuelekea matatu, pakiti yake imeshafungwa na jina lake, analipa, anapanda gari. Kutoka friza yetu hadi friza yake ni safari ya matatu moja badala ya foleni, feri na matatu.

Nilirudi kwa wengine niliowapigia nikawauliza hilo hilo. Wanaofanya kazi kisiwani karibu wote waliruka upande huo. Waliotaka kuletewa mlangoni ni wale walio nyumbani mchana: kina mama wanaopika kwa oda, wenye vibanda vya chai, na mzee mmoja ambaye magoti yamemchosha. Kwa hivyo mafungu yangu mawili yamebaki mawili, ila mwaliko si mmoja. Wa kwenye daftari la kupelekewa nitawaambia habari ya mlangoni. Wa gazeti mara mbili nitawaambia wachukue wakivuka.

Mwalimu alimaliza kwa kusema kuna siku bado atapita Kibokoni, anapenda kuchagua mwenyewe. Karibu sana. Tangazo halitasema mahali popote kwamba wa ng'ambo "wahamie" Likoni.

Ijumaa, 16 Januari

Kuandika ujumbe. Rasimu ya kwanza iliandikwa na binamu yangu kwenye kompyuta, ikaanza "Tuna furaha kubwa kuwatangazia wateja wetu watukufu kwamba". Mtu anayesoma meseji akiwa ameshika chuma cha matatu anaona mstari wa kwanza tu kwenye kioo, na mstari huo umeisha kabla neno Likoni halijatokea. Kilichobaki alikisema vizuri, kwa hivyo nilikata kichwa nikabakisha mwili.

Nikakuta tatizo jingine. Ujumbe ulikuwa chini ya herufi 160, ambazo ndizo za meseji moja ya kawaida, lakini simu ilikuwa inauhesabu kuwa meseji tatu. Nilihesabu tena na tena kabla sijaona: alama ya kwenye "ng'ambo". Kompyuta ilikuwa imeibadilisha ikawa ile iliyopinda, nasi tukainakili jinsi ilivyo. Alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za meseji, na ikiwamo hata moja, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo wa Yunikodi ambapo meseji moja inabeba herufi 70 tu, na ukizidi hapo kila kipande kinabeba 67. Vikatuni vya nyuso hufanya vivyo hivyo. Ukiandika kwa alama iliyonyooka unarudi kwenye 160. Kwa watu wa pwani, ambao hatuwezi kuandika anwani bila ng'ambo wala Ng'ombeni, ni jambo la kuangalia kila mara kabla ya kulipia.

Mwishowe sikuhitaji neno lenyewe. Hizi ndizo zilizopita. Kwa wanaovuka:

```
Habari, ni duka la sambusa Kibokoni. Jumamosi twafungua Likoni, karibu na steji. Bei ile ile. Agiza mchana, chukua jioni ukivuka. Jibu hapa. Hutaki? Jibu ACHA
```

Kwa wanaopelekewa Mtongwe, na kila mtaa una wake:

```
Habari, ni duka la sambusa Kibokoni. Jumamosi twafungua Likoni. Mtongwe twaleta mpaka mlangoni kwa sh150, sambusa bei ile ile. Agiza hapa. Hutaki? Jibu ACHA
```

Ya kwanza ni herufi 158, ya pili 156, nafasi zikihesabiwa. Khalati aligombana nami juu ya "Habari", alitaka salamu kamili ya Kiislamu. Nilimuonyesha orodha: Likoni wateja wetu ni mchanganyiko, na meseji ni moja kwa wote wa mtaa. Tumepatana kwamba kwenye WhatsApp, ambako naandika mmoja mmoja, kila mtu atasalimiwa kwa salamu yake.

Kuna kampuni zinazotuma meseji kwa wingi na jina la duka likatokea juu badala ya namba. Ni nzuri kwa orodha ndefu. Kwetu nimeziacha, kwa sababu ujumbe uliokuja kwa jina haujibiki, na mimi nataka mtu aandike "dazeni mbili, jioni" pale pale chini yake. Utatoka kwenye laini ya duka, ambayo wengi wameihifadhi.

Jumatano, 21 Januari

Siku ya kutuma. Nimeanza saa tano asubuhi, wakati watu wa ofisini wameshakunywa chai na hawajaanza kufikiria chakula cha jioni.

Kwenye WhatsApp ipo njia ya kutuma kwa wengi mara moja, hadi watu 256 kwa orodha, na kila mmoja anaipata kama ujumbe wake. Ila inawafikia tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Haikuambii kwamba imeshindikana. Ukifungua maelezo ya ujumbe ndipo unaona majina mengine hayapandi kwenye waliopokea, na ukingoja mpaka kesho bado. Wateja waliotupa namba kaunta wiki jana ndio hasa hawajatuhifadhi. Hao nimewapa meseji ya kawaida. Waliotuhifadhi na kusema ndio, WhatsApp mmoja mmoja.

Nimetuma kwa makundi madogo, mtaa baada ya mtaa, na kungoja majibu yapoe kabla ya mtaa unaofuata. Ukituma kwa wote, majibu yanakuja yote, na anayeuliza "mnafunga saa ngapi?" akijibiwa saa kumi jioni ameshavuka. Maswali yamekuwa karibu yale yale: saa za kufunga (saa mbili na nusu usiku), kama kebabu zipo, kama till ni ile ile. Waliojibu ACHA walikuwa wawili. Nimewaandikia "Sawa, hatutakutumia tena matangazo" na kuweka alama kwenye daftari. Oda zao zinaendelea kama kawaida.

Jumamosi, 24 Januari

Tumefungua. Mzigo ulivuka alfajiri kwa tuktuk, kabla msongamano haujaanza. Watu walikuja, majirani wengi walioona bango, lakini hao si wa shajara hii. Wa kwenye orodha walikuja wachache mchana na sikushtuka, Jumamosi nusu yao hawavuki.

Kebabu hazikuwepo. Za Kibokoni zinatoka kwa oda, na friza ya Likoni haijapata nafasi yake. Mama mmoja alishuka kutoka Shika Adabu kwa ajili ya kebabu peke yake. Ujumbe haukusema zipo, ila mteja wa zamani akisikia "tawi" anaelewa ni kila kitu anachokijua. Kuanzia leo, mwisho wa kila uthibitisho tunaandika kilichopo Likoni siku hiyo, na kebabu iagizwe siku moja kabla.

Alhamisi, 29 Januari

Alhamisi ya kwanza ya kazi, na ndiyo niliyokuwa naingoja. Kuanzia saa sita mchana oda za kuchukua zilianza kuingia, ya mwalimu ikiwa ya tatu. Simu ni moja kwa maduka yote mawili, kwa hivyo swali la kwanza kwa kila anayeandika ni "Kibokoni au Likoni?", hata tukijua anakokaa. Oda ya Likoni inaandikwa kwenye karatasi ya kijani na kusomwa kwa simu kwa kijana wa tawini, naye anaifunga, anaandika jina na kuiweka rafu ya chini ya friza.

Saa kumi na moja na nusu watu walianza kupanda kutoka feri kwa mawimbi. Feri ikishusha, dakika chache duka limejaa, kisha tupu, kisha imejaa tena. Anayechukua oda iliyofungwa akisimama nyuma ya anayechagua rejareja, na matatu yake inaita abiria pale mbele, ataondoka. Tumeweka meza ndogo mlangoni kwa ajili ya oda zenye majina peke yake. Foleni mbili, na ile ya meza inakwenda upesi.

La malipo lilisumbua. Tawi lina till yake ili tujue mauzo yake, lakini mteja wa zamani ana till ya Kibokoni kichwani na anaingiza hiyo bila kutazama bango. Pesa inafika kwetu, ila kijana wa Likoni haioni, na mteja anamuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe kwenye simu ya mteja si kitu cha kuaminiwa peke yake. Anapiga Kibokoni, msichana wa kaunta anathibitisha kwa jina na kiasi, pakiti inatoka. Watu watazoea till mpya. Hadi hapo tunapokea zote mbili, na jioni mimi ninahamisha hesabu kwenye daftari.

Jumanne, 10 Februari

Khalati aliuliza kama imefaa, kwa sababu mauzo ya Kibokoni jioni za siku za kazi yameshuka. Lazima yashuke, tumewaalika watu wale wale wanunue pengine. Nimemuonyesha hesabu kwa njia nyingine: nimechukua wale wa orodha tu, nikajumlisha walichonunua maduka yote mawili, nikalinganisha na walichonunua Kibokoni kabla. Wanaochukua wakivuka wameongeza, na sababu yake iko kwenye mfuko: mtu aliyekuwa akinunua dazeni mbili kwa kuwa ndizo anazoweza kubeba bila kulegea, sasa anachukua nne au tano. Manda ndizo zilizopanda zaidi. Zamani wa ng'ambo hakuthubutu kuvuka nazo.

Wanaopelekewa wanaagiza mara nyingi zaidi lakini kidogo kidogo, kwa vile 100 haimuumizi mtu kama 300. Mizunguko imejaa, na hii Shaabani itazidi. Kwa hivyo ujumbe wa pili, utakaotoka Alhamisi, hautawaita zaidi; utawaomba waagize za Ramadhani mapema na wachague siku, ili siku za mwisho kabla ya mwezi kuandama zibaki kwa wanaochukua dukani.

Wa Nyali walipata habari kupitia picha niliyoweka kwenye sitetasi, na wameanza kuuliza lini kwao. Kwao hakuna feri, ni daraja, hesabu yake ni tofauti kabisa. Ng'ombeni wameandika pia. Nimewapa lebo yao, na nimewajibu kwamba sanduku la pili limeagizwa; likifika tutalijaribu kwanza kwa mzunguko wa majaribio kama tulivyofanya Mtongwe, na bei ya kuwafikia tutawaambia baada ya kuona ncha za sambusa.